flushdns, renew, winsock reset na int ip reset: kila moja inafuta nini, na uanze na ipi

Mafundi wengi wa kompyuta, awe wa Mwanjelwa au wa Miyomboni, wana kifaili kwenye flashi chenye mistari mitano. Intaneti ikigoma kwa mteja wanakifungua, wanaibandika yote kwa mpigo, wanaristati mashine, wanasubiri.

```
ipconfig /flushdns
ipconfig /release
ipconfig /renew
netsh winsock reset
netsh int ip reset
```

Mara nyingi intaneti inarudi. Lakini ukiulizwa ni mstari gani ulioirudisha, huna jibu, na tatizo likijirudia wiki ijayo utaanza upya gizani. Pengine hata hakuna mstari uliosaidia, ilikuwa ristati tu. Na mmoja kati ya hiyo mitano unafuta kitu ambacho mtu alikiandika kwa mkono wake, wala haukuulizi kama una uhakika. Steshenari inaweza kupata intaneti saa tatu asubuhi na kukosa printa saa tatu na nusu, kwa sababu ya mstari huo huo.

Amri hizi hazipangiki kama dawa kali na dawa nyepesi ya ugonjwa mmoja. Zinagusa sehemu nne tofauti ndani ya Windows, na sehemu moja ikiwa nzima, kuifuta hakusaidii sehemu nyingine iliyoharibika.

| Amri | Inachofuta | Isichogusa | Ristati |
|---|---|---|---|
| `ipconfig /flushdns` | majina ya tovuti yaliyokumbukwa | anwani ya IP, faili la `hosts`, kumbukumbu ya kivinjari | haihitajiki |
| `ipconfig /release` na `/renew` | anwani iliyotolewa na ruta | anwani iliyoandikwa kwa mkono | haihitajiki |
| `netsh winsock reset` | programu zilizojipachika kwenye Winsock | anwani zote, DNS, proksi | lazima |
| `netsh int ip reset` | mipangilio ya TCP/IP, pamoja na anwani ya mkono | nywila za waifai, proksi, ukuta wa moto | lazima |

Fungua Command Prompt kwa Run as administrator. Usipofanya hivyo, netsh itakujibu kwamba kazi hiyo inahitaji ruhusa ya juu, na hakuna kitakachobadilika.

flushdns: pale jina linapokupeleka kwenye nyumba ya zamani

Ndani ya Windows kuna huduma inayoitwa DNS Client. Ukiandika jina la tovuti, huduma hiyo huuliza seva ya DNS, hupewa namba ya IP, kisha huikumbuka kwa muda uliopangwa na mwenye tovuti. Windows kwa kawaida haikai na jibu moja zaidi ya sekunde 86,400, yaani siku nzima. Tovuti ikihamishiwa seva nyingine katikati ya siku hiyo, mashine yako inaweza kuendelea kugonga mlango wa zamani wakati simu yako, kwa bando lako mwenyewe, inafungua bila shida.

Njia ya kujua kama kosa liko hapa ni kulinganisha amri mbili. `nslookup` huiuliza seva ya DNS moja kwa moja, haitazami kumbukumbu ya Windows. `ping` yenyewe hutumia kumbukumbu hiyo. Andika zote mbili kwa jina moja la tovuti. Namba zikifanana, flushdns haitakusaidia chochote. Zikitofautiana, piga `ipconfig /flushdns`, kisha rudia ping. Uwe mwangalifu na tovuti kubwa tu, kwa kuwa hizo huwa na namba nyingi na tofauti peke yake haithibitishi kitu.

Kama umefuta na ping bado inaleta namba ile ile ya zamani, basi namba hiyo imeandikwa kwenye faili la `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts`. Flushdns haligusi faili hilo. Windows hulisoma tena na kurudisha yaliyomo. Na kama ping imeshapata namba mpya ila Chrome bado inakwama, kivinjari kina kumbukumbu yake: fungua `chrome://net-internals/#dns` ubonyeze Clear host cache.

Kumbukumbu ya DNS hukaa kwenye RAM. Ukiristati mashine inaondoka yenyewe, kwa hiyo kupiga flushdns kabla tu ya ristati ni kufagia uwanja wakati mvua inakuja.

release na renew: anwani ya kupewa

Ruta hugawa anwani za IP kwa muda maalumu kwa utaratibu wa DHCP. `/release` huiambia ruta kwamba anwani imerudishwa, na kadi ya mtandao inabaki mtupu. `/renew` huomba anwani. Watu wengi hupiga `/renew` peke yake wakishangaa kwa nini namba haibadiliki. Sababu ni kwamba bila release, mashine huomba kuendelea na ile ile iliyo nayo. Hata ukianza na release ruta inaweza kukurudishia namba hiyo hiyo, na hilo si kosa.

Huku kwetu amri hizi mbili hupata kazi hasa umeme ukikatika na kurudi. Ruta ndogo nyingi zikizimika husahau zilimpa nani namba gani. Laptopu iliyokuwa ikitumia betri bado inashikilia 192.168.1.103 kwa amani, ruta inawaka na kuweza kumpa mwenye simu namba hiyo hiyo, na Windows inatoa onyo la mgongano wa anwani. Hapo release na renew kwenye laptopu zinamaliza kesi kwa sekunde chache.

Majibu ya amri yenyewe yanakwambia mengi kuliko mafundi wengi wanavyosubiri kuyasoma. Ukiambiwa `media disconnected`, kompyuta haioni waya: tazama kichwa cha waya, tundu la swichi, au kadi iliyopigwa na radi msimu wa mvua. Ukiambiwa `unable to contact your DHCP server`, waya upo ila ruta haijajibu, na baada ya muda utaona mashine imejipa anwani inayoanza na 169.254. Anwani ya 169.254 maana yake Windows ilibisha hodi na hakuna aliyeitika. Kabla ya kubandika winsock reset, nenda kaitazame ruta.

Na ukiambiwa `no adapter is in the state permissible for this operation`, hilo ndilo jibu la kulisoma mara mbili. Kwa kawaida linamaanisha kompyuta hiyo haitumii DHCP. Kuna mtu aliiandikia anwani kwa mkono, na huenda alikuwa na sababu.

winsock reset: kwa ugonjwa ambao siku hizi ni adimu

Winsock ni njia ambayo programu za Windows hupitia kwenda mtandaoni. Ina orodha iliyoandikwa kwenye rejista ya Windows, na zamani programu za antivirusi, za kuchuja tovuti na za matangazo ya kero zilijipachika kwenye orodha hiyo ili kila kinachopita zikione. Ukiiondoa programu vibaya, faili lake linatoweka lakini jina linabaki kwenye orodha. Programu zote zinapita mlango ambao mlinzi wake hayupo, nazo zinakwama, mara nyingi kwa kosa namba 10106.

`netsh winsock reset` huirudisha orodha hiyo kama ilivyokuja na Windows. Basi. Haigusi anwani, haigusi DNS. Ukitaka kujua kama una sababu ya kuipiga, ihifadhi orodha kwanza uisome:

```
mkdir C:\kabla
netsh winsock show catalog > C:\kabla\winsock.txt
```

Fungua faili hilo uangalie mistari ya Provider Path. Mashine safi ina `mswsock.dll` kwa wingi, na majina machache ya Windows yenyewe kama `napinsp.dll`, `pnrpnsp.dll` na `wshbth.dll` ya bluetuthi. Ukikuta njia inayoelekea kwenye folda ya programu iliyokwishaondolewa, umempata mhalifu. Ukikuta ya programu iliyopo na inayotumika, kama ile ya kuendesha kompyuta bandia, jua kwamba reset itaing'oa na huenda ukalazimika kuisakinisha tena.

Kwa nini nasema ni adimu? Kwa sababu tangu 2012 Microsoft imeuacha utaratibu huu wa kujipachika, na antivirusi na VPN za leo huchuja mtandao kwa njia nyingine, ndani zaidi, ambazo winsock reset haizifikii. Ndiyo maana mtu anaondoa VPN, intaneti inakufa, anapiga winsock reset mara tatu, na hakuna kinachobadilika. Kichujio cha VPN hiyo bado kimekaa kwenye kadi ya mtandao. Kitafute kwenye Properties za kadi hiyo, au tumia kifaa cha kuondolea kinachotolewa na watengenezaji wa programu yenyewe.

int ip reset: hapa ndipo pa kusimama

Amri hii huandika upya sehemu za rejista zinazohusu TCP/IP, zikiwemo zilizo chini ya `Tcpip\Parameters` na `DHCP\Parameters`. Matokeo yake ni kama kuondoa TCP/IP na kuisakinisha upya. Kinachopotea ni kila kitu kilichowekwa kwa mkono: anwani ya IP, lango la kutokea, seva za DNS, na njia za kudumu zilizoongezwa kwa amri ya `route -p add`. Baada ya ristati, kadi zote zinarudi kuomba anwani kwa ruta.

Kwenye kompyuta ya nyumbani hiyo si hasara, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha mkono. Kwenye ofisi au duka ni habari nyingine.

Chukua mfano wa steshenari pale Mwanjelwa yenye kompyuta tano. Ya keshia imeandikwa 192.168.1.10 kwa mkono, nayo ndiyo iliyoungwa na printa kubwa. Nyingine nne zinachapa kupitia `\\192.168.1.10\Printa`. Ruta ni 192.168.1.1 na inagawa namba kuanzia .100 hadi .199. Umeme unakatika usiku. Asubuhi kompyuta ya keshia haifungui tovuti, ila nyingine zinafungua, na uchapaji unaendelea kama kawaida.

Fundi wa kubandika anabandika mistari mitano. Mashine inawaka na 192.168.1.104, tovuti zinafunguka, analipwa anaondoka. Mwanafunzi wa kwanza mwenye ripoti ya kurasa sitini anaketi kwenye kompyuta ya tatu, anabonyeza Print, na hakuna kinachotoka. Printa iko sawa, waya uko sawa; zile nne zinamtafuta .10, na .10 hayupo tena. Kinachochelewesha zaidi ni kwamba hakuna anayeunganisha mambo haya mawili, kwa sababu kwa keshia "mtandao ulishatengenezwa". Wanaanza kuifungua printa.

Sasa ifuatilie kesi hiyo hiyo kwa kupima. `ipconfig /all` kwenye mashine ya keshia inaonyesha mstari wa `DHCP Enabled` ukiwa na `No`. Mstari huo peke yake unatosha kuifunga int ip reset kabatini kwa sasa, na pia unaeleza kwa nini release na renew hazitafanya kitu. `ping 192.168.1.1` inajibu, kwa hiyo waya na ruta vipo. `ping 8.8.8.8` inajibu, kwa hiyo njia ya kutoka ipo na TCP/IP ni nzima. `ping` kwa jina la tovuti inakataa, na `nslookup` nayo inasubiri hadi inachoka. Basi kumbukumbu ya DNS haina hatia. Seva ya DNS yenyewe haijibu. Rudi kwenye `ipconfig /all`, soma DNS Servers: imeandikwa namba ya ruta ya zamani iliyobadilishwa jana jioni. Zile kompyuta nne hazikuathirika kwa kuwa hupewa DNS na ruta mpya kila zinapowaka. Na ya keshia ilikuwa ikiishi kwa majina iliyoyakumbuka, hadi umeme ulipokatika na kumbukumbu ikafutika.

Dawa yake ni mstari mmoja, bila ristati:

```
netsh interface ip set dns name="Ethernet" static 192.168.1.1
```

Kwa kesi hii int ip reset nayo ingerudisha intaneti, hilo ni kweli. Ingeiondoa DNS mbovu pamoja na anwani iliyokuwa ikibeba printa.

Kama umeshaipiga na printa imepotea, rudisha anwani hivi, ukibadilisha jina la kadi na namba zilingane na mahali ulipo:

```
netsh interface ip set address name="Ethernet" static 192.168.1.10 255.255.255.0 192.168.1.1
```

Kisha weka DNS kwa mstari wa juu. Tatizo ni pale namba za zamani hakuna anayezikumbuka, na aliyeziandika alishahamia Songea. Kwa hiyo kabla ya kuipiga int ip reset kwenye mashine ya mtu, hifadhi haya mawili kwenye ile folda ya `C:\kabla`:

```
ipconfig /all > C:\kabla\ipconfig.txt
route print > C:\kabla\njia.txt
```

Kwenye faili la pili tazama sehemu ya Persistent Routes, mwishoni mwa njia za IPv4. Kwa mashine yenye anwani ya mkono utaona angalau lango lake pale. Ukiona na njia nyingine, ofisi hiyo ina mtandao wa pili unaofikiwa kupitia hapo, na njia hiyo itafutika.

Kwa steshenari kama hii, ni bora anwani ya keshia isikae ndani ya Windows kabisa. Ingia kwenye ruta, utafute mahali pa kuhifadhi anwani kwa namba ya MAC, uipe MAC ya kompyuta ya keshia 192.168.1.10, kisha Windows uiache kwenye DHCP. Siku mtu akija na kifaili chake cha mistari mitano, mashine itaristati, itaomba anwani, na itapewa .10 ile ile.

Kwenye Windows 10 na 11, int ip reset mara nyingi hutoa orodha ya `OK!` kisha mstari mmoja wa `failed. Access is denied.` Watu huurudia wakidhani haikufanya kazi. Ni ufunguo mmoja wa rejista ambao hata msimamizi hana ruhusa ya kuuandika, mengine yamepita. Ristati uangalie `ipconfig /all` kabla ya kwenda kuchokonoa ruhusa za rejista.

Na ristati iwe Restart kweli. Shut down ya Windows 10 na 11 yenye Fast Startup huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski na kuiamsha vilevile, kwa hiyo mashine "iliyozimwa na kuwashwa" inaweza kuwa haijaanza upya.

Ambayo hakuna hata moja kati ya hizi inayoyagusa

Kivinjari kikionyesha `ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED`, programu fulani imekuachia proksi. Izime kwenye Settings, sehemu ya Network & internet, kisha Proxy. Kuna `netsh winhttp reset proxy`, lakini hiyo ni proksi ya huduma za mfumo, siyo ya kivinjari chako. Ukuta wa moto una amri yake, `netsh advfirewall reset`, nayo hufuta kila ruhusa mliyoongeza, kwa hiyo usiichanganye na hizi. Bando likiisha, hakuna amri.

Ile Network reset iliyo ndani ya Settings ni kubwa kuliko zote nne: huziondoa kadi za mtandao na kuzisakinisha upya, mashine hujiristati baada ya dakika tano, na nywila za waifai zilizohifadhiwa hupotea. Kabla ya kuibonyeza, hakikisha mwenye waifai yuko karibu.

Jambo moja kwa wanaosaidia wateja wakiwa mbali. Ukiwa Iringa mjini na umeingia kwenye kompyuta ya duka la Makambako kwa programu ya kuongoza kutoka mbali, `ipconfig /release` itakukata wewe mwenyewe kabla hujaandika renew, na mteja atabaki na mashine isiyo na anwani na wewe huna njia ya kuingia. Ziandike kwenye mstari mmoja, ili ya pili iendelee hata ukikatika:

```
ipconfig /release & ipconfig /renew
```

Ikishindikana, mpigie aliye dukani aandike ya pili. Na int ip reset ukiwa mbali usiipige kwenye mashine yenye `DHCP Enabled` ya `No`, isipokuwa umeshajua ruta ya pale inagawa anwani.